Kadi ya safari «bila komisyo»: wanakufungia bei ambayo haijasogea tangu 1997

Mama mmoja jirani yangu hapa Butembo anauza viatu na nguo za watoto. Mara mbili kwa mwaka anatoka kwa barabara mpaka Kasindi, anavuka mpaka, anapanda ndege katika nchi jirani na kwenda Dubai kununua mali katika maduka ya jumla ya Deira. Safari yake ya mwisho alikuwa na dola 3.000. Mpaka hapo alikuwa amezibeba kama wengi wetu tunavyobeba, zikiwa zimeshonwa ndani ya nguo. Lakini safari hii, kabla ya kupanda ndege, alipita kwenye kaunta ya kubadilisha pesa na kijana wa pale akamshauri aache kubeba noti. Akamwonyesha kadi ya safari. Pesa zinaingia kwenye kadi, kadi inatumika kwa namba ya siri, ikipotea inafungwa na anapewa nyingine. Kadi yenyewe ni ya bure. Komisyo hakuna. Na zaidi ya yote, kiwango cha dirhamu kinafungwa leo, hata dola ikianguka kesho yeye hataguswa.

Mama alikubali. Aliporudi, aliniletea vikaratasi vyote katika mfuko wa plastiki na kuniambia: «Mtoto wangu, nihesabie. Waliniambia hakuna komisyo, lakini pesa haikufika pale nilipozoea ifike.»

Nilihesabu. Ninaandika makala haya kwa sababu ya nilichokikuta katika mfuko ule, na kwa sababu ninajua kwamba si yeye peke yake. Maoni yangu ni haya: neno «kiwango kimefungwa» katika kadi nyingi za safari halimlindi msafiri. Ndilo sanduku ambamo komisyo imefichwa. Na kwa safari ya Dubai hasa, kufunga kiwango ni kumuuzia mtu mwavuli ndani ya nyumba.

Tuanze na dirhamu yenyewe. Pesa ya Emirati imefungwa kwa dola ya Amerika na banki kuu yao tangu mwaka 1997. Dola moja ni dirhamu 3,6725. Haikuwa hivyo mwaka mmoja na kubadilika mwaka uliofuata. Imebaki hivyo wakati wa mtikisiko wa mabanki wa 2008, wakati wa korona, na hata leo. Sisi tuliozoea faranga ya Kongo, ambayo tuliiona mwaka 2025 ikipata nguvu mpaka waliokuwa wameweka dola nyumbani wakaanza kulalamika, tunasikia neno «kufungwa» na tunafurahi. Tumeumizwa na kiwango kinachoruka, kwa hiyo tunapenda kiwango kisichoruka. Lakini mama huyu alikuwa na dola mkononi, na alikuwa anakwenda kutumia dirhamu. Kati ya pesa hizo mbili hakuna kinachoruka. Hatari aliyouziwa kinga yake haipo.

Sasa tuone kinga hiyo aliinunua kwa bei gani. Karatasi ya kwanza katika mfuko ni ya kaunta. Inasema: dola 3.000, kiwango 3,55, dirhamu 10.650, komisyo sifuri. Kijana wa kaunta hakusema uongo. Mstari wa komisyo una sifuri kweli. Lakini dola 3.000 kwa kiwango cha banki kuu ni dirhamu 11.017 na nusu. Kati ya 11.017,50 na 10.650 kuna pengo la dirhamu 367,50. Ukirudisha pengo hilo kwa dola, unapata dola 100 kamili na senti kidogo. Hiyo ndiyo komisyo. Haikuandikwa kwenye mstari wa komisyo kwa sababu iliandikwa kwenye mstari wa kiwango, na hakuna mtu anayesimama kwenye kaunta na kupiga hesabu ya namba yenye nukta nne wakati ndege inangoja.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Mtu anayebadilisha pesa kando ya barabara hapa kwetu naye anaishi kwa tofauti ya viwango. Ananunua dola kwa bei ndogo na kuiuza kwa bei kubwa, na hakuna anayemlaumu, kwa sababu ni kazi yake na bei zote mbili anazitamka. Ukimwona anakunyima, unakwenda kwa mwenzake aliyekaa meta tano mbele. Kaunta ya kadi inafanya kazi ileile, lakini inatamka bei moja tu, na badala ya kuiita bei inaiita ulinzi. Ubaya haupo katika kula. Ubaya upo katika kula huku ukisema hujala.

Tuendelee na vikaratasi. Alipofika Deira, mama alitaka kulipa kwa kadi, lakini wauzaji wa jumla walimwambia wanapendelea pesa taslimu. Anayelipa kwa kadi wanamwongezea 2 kwa mia. Basi akaenda kwenye mashini ya kutolea pesa. Kadi yake ilikuwa na kikomo cha dirhamu 2.500 kwa kila mara, kwa hiyo ili kupata dirhamu 10.000 alitoa mara nne. Kila mara alikatwa dirhamu 15. Jumla 60, yaani kama dola 16. Makato haya yalikuwa yameandikwa, lazima niseme ukweli, katika kijitabu kidogo alichopewa pamoja na kadi, ukurasa wa nyuma, kwa herufi za kuhitaji miwani.

Akabaki na dirhamu 590 kwenye kadi. Hoteli ilikuwa imeshika 500 kati ya hizo kama dhamana tangu siku aliyoingia. Dhamana ya namna hiyo haichukuliwi, inazuiliwa tu, lakini kwa msafiri ni sawa, maana pesa iliyozuiliwa haitumiki. Kwa kadi ya kawaida ya konti, mtu hasikii sana, kwa sababu konti yake ina pesa nyingine nyuma. Kwa kadi ya kujaza, pesa iliyoko ndani ndiyo yote. Mama alitoka hotelini asubuhi, ndege ilikuwa jioni, na pesa yake ilifunguliwa siku kadhaa baadaye, yeye akiwa tayari Butembo na dirhamu zikiwa ndani ya kadi. Ndiyo maana watu wenye uzoefu wanashauri kutowapa hoteli au wakodishaji wa magari kadi ya kujaza kwa ajili ya dhamana. Uwape noti, wakurudishie noti unapotoka.

Miezi miwili baadaye alipita tena kwenye kaunta ile na kuomba kurudishiwa pesa iliyobaki. Kumbuka kwamba walimuuzia dirhamu kwa 3,55. Sasa walizinunua kwa 3,85. Dirhamu 590 zikawa dola 153 na robo, badala ya karibu 161. Halafu wakakata dola 10 za kufunga kadi. Akapewa mkononi dola 143.

Tukusanye. Dola 100 kwenye kiwango cha kuingia, 16 kwenye mashini, zaidi kidogo ya 7 kwenye kiwango cha kutoka, 10 za kufunga. Ni karibu dola 134 kwa dola 3.000, yaani 4 na nusu kwa mia. Na katika vikaratasi vyote, neno «komisyo» linatokea mara moja tu, likiwa na sifuri mbele yake.

Najua mtu atauliza: angefanya nini basi? Angebeba noti? Kwa hesabu tupu, ndiyo, noti ndizo za bei ndogo. Kwa sababu dirhamu imefungwa kwa dola, na kwa sababu nyumba za kubadilisha pesa za Deira ziko nyingi mlango kwa mlango zikishindana, tofauti yao kwa noti za dola ni ndogo sana. Ukipata 3,66 kwa dola 3.000 unapoteza kama dola 10 tu. Lakini sitaandika kwamba watu wabebe noti na kuishia hapo. Kila mmoja wetu anajua barabara zetu. Usalama una bei, na mtu ana haki ya kuununua. Ila tuangalie pia ni kipande gani cha safari kadi ile ililinda. Mama alibeba noti kutoka Butembo mpaka Kasindi na mpaka kwenye kaunta, na hicho ndicho kipande alichokuwa anakiogopa zaidi. Kadi ilianza kumlinda baada ya hapo. Kisha huko Deira alitoa pesa yote kwenye mashini na kutembea nayo taslimu. Alilipa dola 134 kwa ulinzi wa ndani ya ndege.

Kuna njia ya katikati, nayo ni kadi ya dola ya kujaza inayotolewa na banki hapa nchini. Hiyo inabaki na dola ndani, na kubadilisha kunafanyika siku ya kutumia, kwa kiwango cha mtandao wa kadi ambacho kwa dirhamu kinakaa karibu sana na 3,67. Hiyo ni nafuu kwa kiwango, lakini nayo ina midomo yake. Chukua mfano wa kadi inayotoza 1 kwa mia wakati wa kujaza, 2 kwa mia kwa kila matumizi ya pesa ya kigeni, na dola 4 kwa kila kutoa pesa kwenye mashini. Kwa dola 3.000, hiyo ni 30, halafu karibu 59, halafu 16 kwa mara nne. Ni dola 105. Si ndogo. Lakini zote tatu zimeandikwa katika orodha ya bei ya banki, unaweza kuziona kabla ya kusaini, na unaweza kuzilinganisha na za banki ya ng'ambo ya barabara. Na ukijaza kadi hiyo kwa faranga, ongeza kubadilisha kwa kwanza, faranga kuwa dola, ambako nako kuna tofauti yake.

Mwenye kadi ya dola ana mtego mmoja wa ziada unaomngoja huko anakokwenda, na ni lazima niueleze kwa sababu unatumia wimbo uleule wa kiwango kilichofungwa. Kijana mmoja wa Bunia alinionyesha picha aliyopiga mbele ya mashini. Alikuwa ameomba dirhamu 1.000. Kabla ya kutoa noti, mashini ilitambua kwamba kadi yake ni ya dola na ikamwandikia: leo tunaweza kukukata moja kwa moja dola 289,86, kiwango kimehakikishwa. Chini kulikuwa na vitufe viwili, ACCEPT CONVERSION na DECLINE CONVERSION. Kijana alibonyeza cha kwanza, maana cha pili kinafanana na kukataa pesa, naye alihitaji pesa.

Hesabu yake ni rahisi. Dirhamu 1.000 ukizigawa kwa 3,6725 ni dola 272,29. Mashini ilimkata 289,86, maana ilitumia kiwango cha 3,45. Alipoteza dola 17 na nusu kwa kitufe kimoja. Angebonyeza cha pili, asingenyimwa pesa. Angepewa dirhamu zilezile, na kubadilisha kungefanywa na mtandao wa kadi na banki yake, ambayo hata ikimtoza 2 kwa mia ingemkata kama dola 278. Kanuni ni moja na haina ubaguzi katika safari za namna hii: mashini au muuzaji akikuuliza unataka kulipa kwa pesa ya kadi yako au kwa pesa ya nchi ile, chagua pesa ya nchi ile. Dubai chagua AED, usichague USD. Brasels chagua EUR. Anayejitolea kukubadilishia pesa kabla hujamwomba, hafanyi kwa huruma.

Sitaki msomaji aondoke na wazo kwamba kufunga kiwango ni udanganyifu siku zote. Kuna safari ambako kuna maana. Wengi wetu tuna watoto au ndugu wanaokwenda kusoma Ubelgiji au Ufaransa. Kati ya dola na yuro kiwango kinasogea kweli. Mwanzoni mwa Januari 2025, yuro moja iliuzwa karibu dola 1,03. Mwanzoni mwa Julai mwaka uleule ilikuwa karibu 1,17. Mzazi aliyekuwa na dola 2.000 na akajaza kadi ya yuro mwezi wa kwanza, alipata kama yuro 1.940. Aliyengoja mpaka mwezi wa saba alipata kama 1.710. Tofauti ni yuro 230, kodi ya chumba cha mwanafunzi kwa siku kadhaa. Kwa mzazi wa kwanza kufungwa kulikuwa kinga kweli.

Lakini kisu hicho kinakata pande zote mbili. Mwanzoni mwa Februari 2022 yuro ilikuwa karibu 1,13. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo ilikuwa imeanguka chini ya dola moja. Aliyefunga mwezi wa pili alipata yuro 1.770 kwa dola 2.000 zake. Aliyengoja angepata zaidi ya 2.000. Kadi haijui kesho, na kijana wa kaunta hajui. Kinachojulikana ni kimoja tu: ikiwa katika kufunga umekatwa 4 kwa mia, basi kiwango lazima kisogee zaidi ya 4 kwa mia, tena upande ulioogopa, ndipo uanze kupata faida. Kikisogea kidogo, au kikikaa, au kikienda upande mwingine, umelipia bure. Kwa yuro kuna uwezekano. Kwa dirhamu hakuna kabisa.

Na kufungwa huko kuna mipaka ambayo watu hugundua wakiwa tayari safarini. Kiwango kinafungwa kwa pesa uliyojaza siku hiyo tu. Ukiongeza pesa wiki ijayo, nyongeza hiyo inaingia kwa kiwango cha wiki ijayo. Na kimefungwa kwa pesa ya aina hiyo tu. Mwenye kadi ya yuro akishuka Istanbul kungoja ndege na kununua chakula kwa lira, yuro zake zinabadilishwa palepale, kwa kiwango cha siku hiyo, pamoja na komisyo ya matumizi ya kigeni. Alibadilisha dola kuwa yuro na kulipa, kisha yuro kuwa lira na kulipa tena.

Wazee wanaosoma hapa watacheka, kwa sababu wimbo huu si mpya. Kabla ya kadi kulikuwa na cheki za safari. American Express ilianza kuzitoa mwaka 1891, na kwa karibu miaka mia moja ndizo zilikuwa pesa ya msafiri. Ulizinunua benki, ukatia sahihi juu mbele ya karani, na ulipotaka kuzitumia ulitia sahihi ya pili mbele ya mpokeaji, naye akalinganisha. Zikiibiwa, mwizi hana sahihi yako, na wewe ukiwa na karatasi yenye namba zake unalipwa. Zilikuwepo za dola, za faranga za Ufaransa, za marki za Ujerumani. Anayekwenda Paris akinunua za faranga za Ufaransa alikuwa amefunga kiwango chake siku ya kununua, sawasawa na kadi ya leo.

Nazo zilikuwa na komisyo za wazi na za kificho. Ya wazi kwa kawaida ilikuwa 1 kwa mia wakati wa kununua. Kisha banki ya kule ulikokwenda ilikata yake kwa kila karatasi, kwa hiyo aliyebeba cheki 10 za dola 20 aliumia kuliko aliyebeba 2 za dola 100. Na faida kubwa zaidi haikuonekana kabisa. Tangu siku uliyonunua mpaka siku cheki ilipolipwa, pesa yako ilikaa kwa aliyeitoa, naye aliizalisha. Ndiyo maana hakuwa na haraka. Cheki iliyosahauliwa kwenye droo kwa miaka 20 ilikuwa mkopo wa bure kwake.

Lakini katika jambo moja cheki ile ya zamani ilikuwa na heshima kuliko kadi. American Express haiuzi tena cheki hizo, na leo ni shida kupata banki ya kuzipokea. Hata hivyo zile zilizokwisha kutolewa hazina tarehe ya kufa. Mzee aliyeacha cheki 4 za dola 50 ndani ya Biblia yake bado ana dola 200 za kudai kwa aliyezitoa, hata kama njia ya kuzidai ni ndefu. Sasa weka dola 200 kwenye kadi ya kujaza na uisahau. Kadi ina tarehe ya mwisho usoni mwake. Na kadi nyingi, baada ya mwaka mmoja bila kutumika, huanza kukatwa kila mwezi kwa jina la utunzaji au la kulala. Kwa dola 4 kila mwezi, 200 zinakwisha baada ya miezi 50. Yule wa zamani aliizalisha pesa yako uliyoisahau, akakurudishia ulipokumbuka. Huyu wa sasa anaizalisha na kuila pia.

Nini kifanyike? Ninasema mambo mawili, moja la msomaji na moja la wakubwa.

La msomaji ni swali la kuuliza kwenye kaunta. Usiulize «komisyo ni ngapi?», maana jibu ni sifuri. Uliza: «Nikikupa dola 1.000 sasa hivi, kwenye kadi zitaingia ngapi? Na nikikurudishia hizo zote sasa hivi, utanipa dola ngapi?» Kisha nyamaza umngoje ahesabu. Mama yangu jirani angeuliza hivyo, angejibiwa: zitaingia dirhamu 3.550, na ukizirudisha nitakupa dola 922. Hapo hahitaji kalamu. Dola 78 zimepotea yeye akiwa bado amesimama mahali pamoja, na hajasafiri bado. Ukitaka kujua kipande cha kuingia peke yake kwa safari ya Dubai, kumbuka namba moja tu, 3.672. Ndizo dirhamu za haki kwa dola 1.000. Zikipungua 122, kama kwa mama huyu, umekatwa zaidi ya 3 kwa mia, hata karatasi iseme nini.

La wakubwa ni hili. Umoja wa Ulaya, tangu Aprili 2020, unawalazimisha wanaobadilisha pesa kwenye mashini na madukani kumwonyesha mwenye kadi ni asilimia ngapi wameongeza juu ya kiwango cha banki kuu yao. Hawakukataza faida. Walidai tu iandikwe. Banki Kuu ya Kongo inatangaza kiwango chake kila siku ya kazi, na mabanki yetu yanauza kadi za kujaza. Kuwadai waandike kwenye risiti ya kujaza mstari mmoja zaidi, «tumekata kiasi hiki chini ya kiwango cha banki kuu», hakuhitaji mashini mpya wala msaada wa kigeni. Ni mstari mmoja. Kaunta za nchi jirani hatuwezi kuzilazimisha, lakini mteja aliyezoea kuona mstari huo nyumbani ataudai na ugenini.

Mama anajiandaa kwa safari nyingine. Nilimuuliza safari hii atafanya nini. Alisema atabeba nusu kwa noti na nusu kwenye kadi ya dola ya banki, atatoa pesa mara chache na nyingi kwa mara moja, na kwenye mashini atabonyeza kitufe kile kinachofanana na kukataa. Kadi ya kaunta ameitundika ukutani dukani, imekatwa katikati kwa makasi. Wateja wakiuliza ni nini, anawajibu: «Ni ile ya bure.»